Kuhesabu makundi ya namba tatu kwa pointa mbili: kwa nini r - l na sio 1

Swali: Mkuu naomba msaada hapa. Natakiwa kuhesabu makundi ya namba tatu ambayo jumla yake ni ndogo kuliko tageti. Nimesoti, nimeweka pointa mbili, lakini kwa `[4, -1, 6, 2, 0, 3]` na tageti 7 napata 4 wakati lupu tatu za kawaida zinanipa 9. Kila jumla ikiwa ndogo naongeza 1 alafu nasogeza pointa ya kushoto. Nakosea wapi? Na nikisoti indeksi si zinavurugika, maana swali linasema i < j < k?

Jibu: Tatizo lako liko kwenye hiyo 1 tu mkuu, kusogeza pointa ya kushoto uko sawa kabisa. Ukishaona jumla ni ndogo kuliko tageti hapo hujapata kundi moja, umepata makundi kadhaa kwa mpigo na we unaandika moja, yaliyobaki unayaruka na hutayarudia tena kwa sababu pointa ya kushoto ishaondoka.

Tuchukue namba zako hizo hizo. Ukisoti unapata `[-1, 0, 2, 3, 4, 6]`. Tunashika ya kwanza, -1, pointa ya kushoto inakaa kwenye 0 na ya kulia kwenye 6. Jumla -1 + 0 + 6 ni 5, ndogo kuliko 7. Sasa jiulize, kama 6 ambayo ndo kubwa kuliko zote imekubali, je 4 itakataa? Haiwezi, maana ni ndogo kuliko 6, na 3 pia haiwezi, na 2 pia haiwezi. Kwa iyo -1 na 0 zikishikiliwa pamoja, wa tatu anaweza kuwa 2, 3, 4 au 6, makundi manne bila kupima mengine matatu. Hiyo nne ndo kulia toa kushoto, indeksi 5 toa indeksi 1. Hakuna kuongeza +1 hapo, watu wengi wanaweka `r - l + 1` kwa mazoea ya kuhesabu urefu wa kipande, ila ukifanya hivyo unahesabu na hiyo 0 ikijiunga na yenyewe.

Baada ya hapo ile 0 imemaliza kazi yake kwenye raundi hii, imeshapata wenzake wote, ndo maana tunasogeza kushoto. Kushoto iko kwenye 2, kulia bado 6, jumla -1 + 2 + 6 ni 7. Tageti ni 7 na swali linasema ndogo, sio ndogo au sawa, kwa iyo hapana, tunarudisha kulia hadi 4. Jumla 5, sawa, tunaongeza 4 - 2 yaani mbili (wa tatu ni 3 au 4). Kushoto kwenda 3, jumla -1 + 3 + 4 ni 6, tunaongeza moja. Kushoto sasa inakutana na kulia, raundi imeisha na tuna 4 + 2 + 1 = 7.

Tunashika 0. Kushoto 2, kulia 6, jumla 8, kubwa, kulia inarudi 4, jumla 6, tunaongeza mbili. Kushoto 3, kulia 4, jumla 7, sio ndogo, kulia inarudi na raundi imeisha. Tumefika 9. Ukishika 2 jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 2 + 3 + 4 = 9, haifai, na 3 ndo kabisa. Jibu 9, sawa na lupu zako tatu.

```python
def hesabu(a, t):
    a = sorted(a)
    n = len(a)
    jumla = 0
    for i in range(n - 2):
        l, r = i + 1, n - 1
        while l < r:
            if a[i] + a[l] + a[r] < t:
                jumla += r - l
                l += 1
            else:
                r -= 1
    return jumla
```

Kitu ambacho huwa kinawasumbua watu hapa ni hofu kwamba ukirudisha kulia kuna kundi unalitupa. Tulipoiacha ile 6 kwenye raundi ya -1, tuliiacha kwa sababu ilikataa na 2. Walioko mbele ya 2 yaani 3 na 4 ni wakubwa zaidi kwa iyo na wao watakataa tu, na aliyeko nyuma ya 2, yaani 0, alishaihesabu 6 kwenye ile nne yake. Hakuna anayeihitaji tena, tunaitupa kwa amani. Hoja hii inasimama kwa sababu namba zimesotiwa, sio kwa sababu ni chanya, kwa iyo hasi hazina shida yoyote.

Alafu usije ukabadilisha mambo nusu nusu, maana kila kosa hapa linabadilisha jibu, na jibu lenyewe linakupa dalili ya pa kuangalia. Kwa mfano wako, ukiongeza 1 na kusogeza kushoto unapata 4 kama ulivyopata. Ukiongeza 1 alafu ukarudisha kulia unapata 6, kwa sababu kushoto haisogei kamwe na kwenye raundi ya -1 ile 2 na 3 hazipati zamu ya kusimama katikati. Ukiongeza `r - l` lakini ukarudisha kulia badala ya kusogeza kushoto unapata 13, hapo makundi yale yale yanahesabiwa mara mbili mbili na zaidi, na ile `r - l + 1` nayo inatoa 13 hiyo hiyo. Na ukiandika `<=` unapata 11, kwa sababu -1 + 2 + 6 na 0 + 3 + 4 zote zinagonga 7 yenyewe. Jibu likiwa dogo kuliko la kweli kagua unachoongeza, likiwa kubwa kagua unachosogeza, alama ya kulinganisha na kama hujaweka +1 ya ziada.

Kuhusu kusoti, hapana, haiharibu. Ile i < j < k kwenye swali hili haipangi namba, kazi yake ni kuzuia kundi moja lisihesabiwe mara sita kwa mpangilio tofauti. Kwenye orodha yako ya mwanzo 4, -1 na 2 ziko nafasi ya 0, 1 na 3, ukisoti zinahamia 4, 0 na 2, lakini bado ni nafasi tatu tofauti na jumla yake bado 5, kujumlisha hakujali nani katangulia. Kila kundi la nafasi tatu kabla ya kusoti linalingana na kundi moja tu baada ya kusoti, idadi haibadiliki. Ingekuwa swali ni a[i] - a[j] + a[k], au linataka namba ziwe zinapanda kwa mpangilio ule ule wa mwanzo, hapo kusoti kungeua swali lenyewe na ungehitaji njia nyingine. Na kama unatakiwa kuprinti indeksi za mwanzo, soti jozi za namba na indeksi yake, ila kumbuka ukishaanza kuprinti kila kundi ule mkato wa `r - l` haukusaidii kwenye muda, makundi yakiwa mengi utayapitia yote tu.

Namba zinazojirudia nazo ziache kama zilivyo. Najua ukitafuta mifano utakutana na ile programu ya kutafuta namba tatu zinazofika sifuri, ina mistari ya kuruka zinazofanana, watu wanaikopi yote wanaileta huku. Kule unatafuta makundi tofauti ya thamani, huku unahesabu nafasi. `[0, 0, 0, 0]` na tageti 1 jibu ni 4, ukiruka zinazofanana utapata pungufu.

Kuna na huu mkato mwingine naouona sana, mtu anaweka `if a[i] >= t: break` akidhani namba ikishafika tageti hakuna tena cha kutafuta. Kwa namba chanya sawa, ila jaribu `[-5, -4, -3]` na tageti -10. -5 ni kubwa kuliko -10 kwa iyo lupu inakatika na unapata 0, wakati jumla ni -12 na jibu ni 1. Kama unataka kukatisha mapema pima namba tatu za kwanza zinazofuatana, `a[i] + a[i+1] + a[i+2] >= t`, hiyo ni salama kwa sababu ndo jumla ndogo kabisa ambayo i hiyo na zinazofuata zinaweza kutoa.

Faida ya muda ni kubwa kweli. Kila hatua ndani ya `while` inasogeza pointa moja, na hakuna pointa inayorudi ilikotoka, kwa iyo raundi yenye namba m zilizobaki inachukua hatua m - 1, basi. Kwa orodha ya namba 3,000 lupu tatu zinapima makundi 4,495,501,000, pointa mbili zinamaliza kwa hatua 4,495,501, mara elfu moja pungufu kamili. Muda wa kusoti mbele ya hapo ni mdogo, usiuhangaikie.

Ila kama utaihamishia kwenye Java au C++ angalia aina ya namba. Idadi ya makundi inakua haraka, orodha ikifika namba 2,346 na zote zikakubali, hesabu inapita 2,147,483,647 ambayo ndo mwisho wa `int` ya biti 32, na utaona jibu hasi au la ajabu ajabu bila programu kulalamika popote. Weka `long` kwenye Java, `long long` kwenye C++. Jumla ya namba tatu nayo, kama kila moja inaweza kufika bilioni moja, inapita huko huko, ibadilishe kabla ya kujumlisha sio baada. Python haina shida hiyo.

Zile lupu zako tatu usizifute, zitumie kupimia. Tengeneza orodha fupi za kubahatisha, urefu 0 hadi 8, namba kati ya -5 na 5, tageti kati ya -12 na 12, endesha zote mbili mara elfu kadhaa na usimame zikitofautiana. Namba ziwe ndogo makusudi ili zijirudie na zigonge tageti yenyewe mara nyingi, huko ndo `<=` na kuruka zinazofanana hujionyesha. Ukitumia namba kubwa kubwa za kubahatisha, jumla kulingana na tageti hutokea kwa nadra sana na programu yenye `<=` itapita jaribio lako ikiwa na bagi ndani.