Jiaozi za kikaangoni: sikiliza maji yanapokwisha

Kama unajua kufunga sambusa, kufunga jiaozi, vifurushi vidogo vya Kichina vya manda, hizi zikiwa na kamba ndani, hakutakusumbua. Kinachowasumbua wanaoanza jikoni kwetu hapa Mtwara ni kuzipika: kitako kiwe cha kahawia na kikavu, manda ya juu iwe laini, na kamba wa ndani waive, vyote katika kikaango kimoja.

Tuseme una jiaozi 12 mbichi na kikaango kisichonata cha sentimita 24. Tia mafuta vijiko 2 vya chakula, moto wa wastani, uzipange zikae kitako bila kugusana. Usizisogeze. Baada ya dakika 2 hivi inua moja uchungulie. Ukiona rangi ya dhahabu hafifu, tia maji. Usingoje kahawia iliyokolea, kwa kuwa kitako kitarudi kukaangwa mwishoni.

Maji yawe ya moto, kama mililita 100, yafike theluthi ya kimo cha jiaozi. Maji baridi huupoza mkaango, na manda hulowa kabla mvuke haujaanza, ikawa kama uji. Shika mfuniko mkono mmoja, mimina kwa mwingine, ufunike papo hapo, maana mafuta yataruka.

Sasa acha dakika 6 hadi 7. Maji yakiwamo, sehemu ya chini haipandi sana juu ya nyuzi 100, kwa hiyo haiungui. Lakini haiwezi kukauka pia. Hapo ndipo nilipokosea mwanzoni: niliona manda inang'aa, nikadhani zimeiva, nikapakua. Vitako vilikuwa vimelowa, vikanata na kuchanika, kamba wote wakabaki kikaangoni.

Siku hizi nasikiliza. Maji yakiwa mengi, sauti ni nzito, ya kutokota. Yakikaribia kwisha inakuwa nyembamba na kali, ya mafuta yanayokaanga. Hapo funua, mvuke utoke, uache dakika 1 hadi 2. Tikisa kikaango kidogo: jiaozi zikiteleza zenyewe, ziko tayari. Zikigoma, usizibandue kwa nguvu, zingoje kidogo, kwani kitako kikikauka huachia chenyewe.

Kwenye gesi haya ni rahisi. Mkaa haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo tandaza makaa yawe tabaka jembamba kabla ya kuanza, na ukishatia maji usiongeze makaa mengine. Sauti ikibadilika mapema kuliko dakika 5, moto ulikuwa mkali: ongeza vijiko 2 vya maji ya moto, ufunike tena.

Zilizoganda usiziyeyushe, manda italowa na kushikana. Ziweke zikiwa barafu, ongeza maji kidogo na dakika 2 au 3 za mvuke. Kisha kata moja katikati: kamba aliyeiva ni mweupe mwenye wekundu, haonyeshi uangavu wa ubichi. Akiwa bado kama kioo, rudisha mfuniko na maji kijiko kimoja kimoja.