Kwenye mfuko wa taka ambukizi, katikati ndiko huiva mwisho

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitoa taka kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, nikiwa na hakika kwamba zimeshakufa vijidudu. Mashine ilipanda hadi nyuzi joto 121, geji ikasoma pauni 15, saa ikahesabu dakika 30, na ile tepu ya mistari juu ya mfuko ikageuka nyeusi kila mara. Kisha siku moja nikatumbukiza katikati ya mfuko kichupa cha spora, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu linalostahimili joto. Kesho yake kilikuwa cha njano badala ya kubaki zambarau, yaani spora zilikuwa hai.

Kipimajoto cha mashine hukaa kwenye chemba, mara nyingi karibu na bomba la kutolea mvuke. Kinachopimwa pale ni joto la chemba, na tepu iliyobandikwa juu ya mfuko nayo husema tu kwamba nje ya mfuko kulipata moto. Wetu ulikuwa mfuko mkubwa uliojaa glovu, pamba na sahani za plastiki za kuoteshea bakteria, shingo imefungwa kwa fundo, umetumbukizwa ndani ya ndoo ndefu ya plastiki. Mashine yetu ni ya aina isiyo na pampu ya utupu: mvuke huingia juu, na hewa, kwa kuwa ni nzito kuliko mvuke, husukumwa chini na kutoka. Lakini hewa iliyofungiwa ndani ya mfuko, tena ndani ya ndoo isiyo na tundu, haina pa kutokea. Inabaki pale pale kama blanketi.

Tuliporudia mzunguko ule ule tukiwa na kirekodi joto katikati ya mfuko, kilifika nyuzi 111 tu. Tofauti ya nyuzi kumi inaonekana ndogo, kwa hiyo tufanye hesabu. Spora zinazotumika kupima otoklevu ni za bakteria anayeitwa Geobacillus stearothermophilus, aliyechaguliwa kwa sababu hustahimili joto la mvuke kuliko karibu kila kijidudu tunachokutana nacho kwenye taka. Chukua kichupa chenye spora 1,000,000, na tuseme kwa nyuzi 121 inahitajika dakika 2 kuua tisa katika kila kumi. Baada ya dakika 2 zimebaki 100,000, baada ya 4 zimebaki 10,000, na ikifika dakika 12 unatarajia imebaki moja. Dakika 30 zinatosha na kuzidi. Sasa shusha joto nyuzi kumi. Kwa spora hizi, kushuka huko huongeza muda unaohitajika takriban mara kumi, kwa hiyo zile dakika 2 zinakuwa 20. Hata tukijalia kwamba katikati ya mfuko palikaa kwenye 111 dakika zote 30, spora zaidi ya 30,000 bado zingekuwa hai. Kichupa cha njano hakikuwa na makosa yoyote.

Kwa hiyo ukiuliza "niweke dakika ngapi?", swali la kwanza ni dakika zinaanza kuhesabiwa wapi. Dakika 15 kwa nyuzi 121, au zile chache sana kwa nyuzi 134, ni za vitu vilivyofikiwa na mvuke mara moja, mfano vifaa safi kwenye mashine yenye pampu ya utupu. Taka zilizosongamana ni jambo lingine. Hapo muda wa kupasha katikati ya mfuko unaweza kuzidi muda wa kuua wenyewe, ndiyo maana mizunguko ya taka kwa nyuzi 121 kwa kawaida hupangwa kati ya dakika 30 na 60, wakati mwingine zaidi. Namba iliyo sahihi kwako ni ile iliyothibitishwa na kichupa, kwenye mashine yako, kwa mzigo wako.

Sisi tulianza kwa kurekebisha mzigo kabla ya kugusa saa. Ndoo ndefu tukaiacha, tukaweka mfuko kwenye trei pana ya chuma yenye ukingo mfupi. Mfuko tukaujaza nusu hadi theluthi mbili tu, na shingo tukaiacha wazi kiasi cha mvuke kupita. Kwa taka kavu tuliongeza maji kikombe kimoja ndani ya mfuko kabla ya kuuweka kwenye mashine. Yanapochemka, mvuke wake husaidia kuifukuza hewa kutoka ndani. Joto la katikati likafika 121, ila kwa kuchelewa, kwa hiyo tukapandisha muda hadi dakika 60. Tukapima mizunguko mitatu mfululizo, kila mmoja ukiwa na vichupa vitatu: juu, katikati na chini. Vyote vilipobaki zambarau ndipo tukaandika mpangilio huo ukutani, pamoja na uzito wa juu wa mfuko. Atakayejaza zaidi ya hapo anatumia mpangilio ambao haujapimwa.

Kichupa chenyewe nacho kina mambo yake. Kipo cha aina mbili, na watu huvichanganya. Kimoja ni ampuli ya kioo iliyozibwa kabisa, spora zikiwa zimeshazama kwenye maji ya kuoteshea. Hicho hupima joto tu, kwa sababu unyevu tayari kinao ndani. Ukikiweka kwenye mfuko wa pamba kavu uliojaa hewa ya moto, spora zake zinaweza kufa ilhali vijidudu vilivyokauka kwenye pamba, ambavyo mvuke haujavifikia, vikaendelea kuishi. Ampuli hiyo inafaa taka za majimaji. Kwa taka kavu tumia kile chenye ukanda wa karatasi wenye spora na kifuniko kinachopitisha mvuke, ambacho chakula chake kimetengwa kwenye kioo chembamba unachokivunja baadaye.

Kifunge uzi mrefu, ukiache ncha yake nje ya mfuko, ili usije ukapekua taka kwa mkono kukitafuta. Ndani ya mfuko huo panaweza kuwa na kioo kilichovunjika. Mzunguko ukiisha, kiache kipoe walau dakika 10 kabla ya kuvunja kile kioo cha ndani, kwani cha moto kinaweza kulipuka usoni. Kisha kiingie kwenye inkubeta ya nyuzi 55 hadi 60. Ile ya nyuzi 37 haifai: spora hizi hupenda joto, na kwa 37 hazitaota hata zikiwa hai, nawe utasoma zambarau ya uongo. Angalia baada ya saa 24, kisha saa 48.

Kila mara weka pembeni kichupa kingine cha kundi lile lile la utengenezaji ambacho hakikuingia kwenye mashine. Hicho lazima kigeuke njano. Kikibaki zambarau, ama spora zilikuwa zimeshakufa dukani au inkubeta ina tatizo, na jibu la kichupa cha kwanza halina maana yoyote. Niliwahi kuona daftari zima la matokeo mazuri lisilo na safu ya kichupa hiki, na hapakuwa na namna ya kujua hata jibu moja lilikuwa la kweli.

Kichupa cha kwenye mzigo kikigeuka njano, taka za mzunguko ule zinarudi kwenye mashine, na mashine haitumiki kwa taka nyingine hadi sababu ipatikane. Mimi huanza kukagua kichujio cha tundu la kutolea hewa chini ya chemba. Plastiki iliyoyeyuka na nyuzi za pamba hukiziba, na hewa ikikosa njia, geji itaendelea kusoma pauni 15 huku joto likiwa pungufu. Kikiwa safi, napima uzito wa mfuko.