Elektroni ya haidrojeni ingeanguka baada ya muda gani? 13.6 eV si mafuta ya tangi

Swali: Nimeweka mchapuko wa elektroni ya haidrojeni kwenye fomula ya Larmor, ile ya nguvu inayonururishwa na chaji yenye mchapuko, nikapata wati 4.67×10⁻⁸. Nikagawanya 13.6 eV kwa namba hiyo, jibu likawa sekunde 4.7×10⁻¹¹. Mwalimu anasema ni 1.6×10⁻¹¹. Nimekosea wapi? Na kama elektroni inapoteza nishati, mbona haipunguzi mwendo tu hadi isimame?

Jibu: Wati zako ni sahihi. Kosa liko kwenye kugawanya, na limetoka kwenye hilo swali lako la pili.

Jumla ya nishati ya elektroni kwenye obiti yake ya kwanza ni hasi: −13.6 eV. Hizo 13.6 ni kiasi unachotakiwa kuiongezea ili kuing'oa kwenye atomu. Si akiba inayotumika mpaka iishe. Elektroni ikinururisha, jumla hiyo inazidi kuwa hasi na obiti inasinyaa. Nishati tuli inashuka mara mbili ya kiasi kilichonururishwa. Nusu ya mshuko huo inaondoka kama mnururisho, nusu inabaki kama nishati mwendo. Kwa hiyo elektroni inapoteza nishati huku ikizidi kwenda mbio. Kusimama haisimami.

Sasa angalia hesabu yako. Ikishapoteza 13.6 eV inafika −27.2 eV, yaani iko kwenye nusu tu ya rediasi ya mwanzo. Hapo mchapuko ni mara 4 ya ule wa awali, na kwa kuwa fomula ya Larmor inatumia mraba wa mchapuko, nguvu ya mnururisho imepanda mara 16. Wewe umeishikilia palepale pa mwanzo. Ndiyo maana jibu lako ni kubwa kuliko la mwalimu.

Njia yenyewe ni fupi. Andika nishati kama E = −ke²/2r, tafuta mabadiliko yake kwa wakati, kisha yasawazishe na −P:

```
P = 2ke²a² / (3c³),   a = ke² / (m r²)
dr/dt = −(4/3) r_e² c / r²
r³ = r0³ − 4 r_e² c t
T = r0³ / (4 r_e² c)
```

Hapa `k` ni 1/(4πε₀), na `r_e` ni ke²/(mc²), yaani mita 2.818×10⁻¹⁵. Ukiweka r0 = 5.292×10⁻¹¹ m unapata T = 1.56×10⁻¹¹ s, theluthi kamili ya jibu lako.

Hesabu hii inachukulia kwamba obiti inabaki karibu duara muda wote. Usiliamini hilo kwa macho, lipime. Mwanzoni dr/dt inatoka kama mita 1.1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, wakati elektroni yenyewe inazunguka kwa mita milioni 2.2 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.5×10⁻¹⁶, na hadi kuanguka ingezunguka kama mara 200,000. Duara linakubalika. Karibu na kiini fomula hii inavunjika kwa sababu mwendo unakaribia ule wa mwanga, ila haina athari kwenye jibu: rediasi inapofika nusu, asilimia 87.5 ya muda wote imeshapita.

Ukipata sekunde 0.14, ujue umechukua fomula 2e²a²/3c³ ya mfumo wa Gauss ukaiwekea chaji ya koulombu. Anayenakili "majibu ya haraka" wakati wa mitihani hajiulizi hata ile `k` imepotelea wapi.

Kibaya kuliko hicho ni maelezo kwamba tatizo lenyewe, yaani kwamba kwa fizikia ya zamani elektroni ingepaswa kuanguka kwenye kiini, halipo. Wengine watakuambia kani ya kuelekea katikati haiongezi wala haipunguzi nishati ya elektroni, kwa hiyo hakuna mnururisho. Wengine kwamba elektroni "imesawazishwa" na kani ya kuisukuma nje. Mchapuko ni badiliko la velositi, na mwelekeo ukibadilika velositi imebadilika. Elektroni zinazopindishwa kwenye duara zinanururisha kweli: mwaka 1947 mwanga huo ulionekana kwa macho kwenye sinkrotroni huko Schenectady, New York. Wala Bohr, mwaka 1913, hakuonyesha kosa lolote kwenye hesabu hii. Alitamka tu kwamba kwenye obiti fulani atomu hainururishi, na sababu ikaja baadaye na mekanika ya kwanta. Anayekuambia amelitatua kwa kani mbili na mchoro wa duara, mwombe akokotoe dr/dt mbele yako.