Fomu ya wajawazito: kosa langu la "kutoa" na "kutoka"

Wiki iliyopita muuguzi mmoja aliniandikia: "Dada, kwenye fomu yetu kila mama anajibu hapana kwenye swali la mimba zilizotangulia. Tufanyeje?" Ujumbe ule uliniuma, maana kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe.

Nilipewa fomu ya zahanati moja niitafsiri kutoka Kiingereza. Ilikuwa na neno "aboshen", ambalo kwa daktari ni mimba yoyote iliyoishia njiani, iwe imetoka yenyewe au imetolewa. Nikaandika: "Umewahi kutoa mimba?" Mama mmoja aliyepoteza mimba mbili, zote za miezi mitatu, akajibu hapana. Hakudanganya. Zake zilitoka, hakuzitoa. Herufi moja tu, lakini moja ni msiba na nyingine ni kesi polisi. Na aliyetoa kweli hawezi kuliandika hilo kwenye karatasi ambayo mama mkwe wake ameketi pembeni anaisoma.

Nilipotaka kurekebisha niliambiwa narefusha fomu bure. Bado sijasahau. Lakini niliirekebisha, na nimeona inafanya kazi.

Kwanza usiulize "una watoto wangapi". Mama atahesabu walio hai, pengine na wa dada yake anayemlea, na yule aliyezaliwa amefariki hatatajwa. Uliza: "Ukiacha huu wa sasa, umewahi kupata ujauzito mara ngapi?" Chini yake weka visanduku: waliozaliwa hai (hata kama baadaye walifariki), waliozaliwa wamefariki, na mimba zilizoishia kabla ya miezi saba kwa sababu yoyote ile. Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yanayomfungua mama, kwa kuwa hayamlazimishi kujieleza.

Chukua mama aliyejibu mara tano, ukiacha ujauzito wa sasa. Visanduku vinasema watatu, mmoja, sifuri. Jumla ni nne, kwa hiyo kuna mmoja hajasemwa. Muuguzi asimkabili pale dirishani. Amwite chumbani peke yake amuulize, "Uliwahi kusafishwa kizazi?" Swali hilo hujibiwa kwa wepesi, na daktari analihitaji, hasa kama kundi la damu la mama ni hasi. Ila wapo ambao mimba ilitoka bila kusafishwa, kwa hiyo "hapana" hapo haifungi mazungumzo.

Kabla ya kuchapisha, wape akina mama watano au sita waisome. Usiwaulize kama wameelewa, kwani watakuitikia ndiyo kwa heshima. Mwambie kila mmoja, "Hebu nieleze kwa maneno yako, hapa tunataka kujua nini?" Mmoja wao aliniambia kisanduku cha tatu kinauliza watoto njiti. Nikaongeza: "mtoto hakuzaliwa hai".

Mfasiri asiyekaa na wanawake hao kwenye benchi asijiite amemaliza kazi. Dada muuguzi, nitumie fomu yenu, tuanze na hilo swali.