Modeli ya AI inakata picha kweli au inaongea tu?

"Nikiipakia picha ya kanga, hii modeli inaweza kuikata na kutoa bakigraundi, au inaishia kunishauri?"

Inategemea umepewa ya aina gani. Inayosoma picha tu itakwambia ukate wapi, faili lenyewe haligusi. Inayoweza kuendesha kodi ya Python inakata kweli, na sehemu inayobaki ni ileile iliyopigwa na kamera. Kaka hapo juu anasema "zote zinaediti", ana nusu ya ukweli: zile za kutengeneza picha mara nyingi huichora upya yote, hata pale ambapo hukuomba.

Nauza kanga, nimelijaribu hilo. Bakigraundi ilitoka safi kabisa, ila kwenye jina la kanga MOLA ikawa MQLA, na korosho za kwenye mji zikapungua. Kwa hiyo kuza picha zote mbili, linganisha maandishi madogo na pindo. Vikibadilika, hiyo si picha yako tena.

Dada uliyeuliza kuhusu kung'arisha uso kwenye picha ya pasipoti, yako ni habari nyingine: usitumie ya kuchora upya, sura inaweza kuhama kidogo usigundue. Kung'arisha uso sijaona ikifanyika bila kugusa vitu vingine, labda wengine wameona.

Ukishatoa bakigraundi hifadhi kama PNG, maana JPG haibebi uwazi. Na WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida, uwazi unapotea.