Kichwa cha video ya presha: kitenzi usichoweza kukionesha, kitoe

Aliyeuliza: "Wadau, mimi ni muuguzi, nina chaneli ya afya YouTube. Video yangu ya vyakula na presha haipati watu kabisa. Nataka kubadili kichwa kiwe 'MALIZA PRESHA KWA SIKU 7, siri ambayo madaktari hawakwambii'. Kijipicha nimeshakitengeneza. Je, tagi niweke ngapi, nipandishe video saa ngapi, na maikrofoni ipi inafaa kwa kuanzia?"

Usibonyeze kitufe cha kuhifadhi. Kama umeshabonyeza, rudi sasa hivi ukitoe hicho kichwa, halafu uje usome.

Mimi nilikifanya hichohicho unachotaka kukifanya, tena kwa ugonjwa huohuo. Nilikuwa na video ya dakika 11 ya kumfundisha mtu kupima presha nyumbani: akae vipi, mkanda afunge wapi, zile namba mbili azisomeje. Kichwa chake kilikuwa "Somo la 4: Shinikizo la Damu". Nakubali kilikuwa kibovu, maana hakuna mtu duniani anayeandika "Somo la 4" kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikamlipa mtu aliyejiita mtaalamu wa kukuza chaneli. Hakuitazama video hata dakika moja. Alisoma kichwa, akaniambia "watu hawatafuti somo, wanatafuta suluhisho", akaniandikia hiki: "SHUSHA PRESHA NDANI YA SIKU 3 BILA DAWA!" Kijipicha akaweka vidonge vimekatwa kwa alama nyekundu ya mkasi. Nilimuuliza kuhusu hiyo "bila dawa", kwa sababu kwenye video dakika ya sita nasema waziwazi kwamba anayetumia vidonge asiviache. Akanijibu: "Si unasema ndani? Basi inatosha."

Haitoshi, na ndiyo maana naandika kirefu hivi.

Siku mbili za kwanza watazamaji walipanda na mimi nikafurahi. Siku ya tatu likaja oni la dada mmoja. Nalinukuu nilivyolikumbuka: "Asante sana daktari, mama nimemwachisha vidonge tangu juzi, namfuatishia za kwako, kesho ndiyo siku ya tatu." Mwanzo nilidhani anajibu video ya mtu mwingine. Nikamwandikia hapohapo amrudishe mama kwenye dawa zake na ampeleke akapimwe siku hiyohiyo. Nikamuuliza pia: hukunisikia niliposema vidonge visiachwe? Akasema video hakuimaliza, aliangalia mwanzo tu, lakini kichwa alikielewa na picha ya vidonge vilivyokatwa aliiona. Kesho yake akaniandikia kwamba mama amepimwa, amekutwa na 178 kwa 104, amerudishiwa dawa. Sikulala usiku ule. Yule mama hakukosea kitu, na binti yake hakukosea kitu. Walifuata maneno niliyoandika kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho yule mtaalamu hakukijua, au alikijua akanyamaza. Kichwa na kijipicha vinasomwa na watu wengi kuliko wanaobonyeza, na wanaobonyeza wengi hawafiki mwisho. Kwa hiyo kwenye afya kichwa chenyewe ndiyo ushauri wako kwa watu wengi kuliko video ilivyo. Onyo ulilolificha dakika ya sita halimfikii aliyesoma kichwa akapita.

Nilipofungua takwimu za ile video, sehemu ya `Analytics`, niliona kilichokuwa kinatokea. Mstari wa muda wa kutazama ulikuwa unaporomoka ndani ya nusu dakika ya kwanza, kwa sababu mtu amekuja kutafuta dawa ya siku tatu akanikuta nafunga mkanda wa mashine. Kwenye `YouTube search`, pale wanapokuonesha maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakufikia, yalikuwa "kushusha presha haraka" na ndugu zake. Waliokuwa wanatafuta jinsi ya kupima hawakuwepo kabisa. Yaani nilileta watu wasiohitaji video yangu, na waliokuwa wanaihitaji nikawafungia mlango.

Kanuni niliyotoka nayo ni moja, na siivunji tena: kitenzi kilichoko kwenye kichwa lazima kionekane kikifanyika ndani ya video. Kupima kunaonekana. Kusoma namba kunaonekana. Kupika bila chumvi nyingi kunaonekana. Kuponya, kumaliza, kutokomeza, kushusha kwa siku kadhaa, hivyo hakuna kamera inayoweza kuvionesha, kwa sababu vinatokea, kama vikitokea, ndani ya mwili wa mtu usiyemjua, mwenye umri usioujua, anayetumia dawa usizozijua.

Utaniambia: sasa nitaonekanaje? Angalia kwa makini mtu anaandika nini anapotafuta. Anaandika jina la tatizo kwa lugha ya nyumbani, halafu anaandika anachotaka kufanya au kujua. "Presha ya kupanda". "Kupima presha". "Presha na chumvi". Maneno yote hayo unaweza kuyatumia bila kuahidi chochote. Ahadi ya siku saba umeiongeza wewe, hakuna aliyekuja nayo. Mimi nilibadilisha kikawa hivi: "Presha ya kupanda: jinsi ya kupima nyumbani na kusoma namba zake". Kinafika herufi sitini na kitu. YouTube wanaruhusu hadi 100, ila kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo jina la tatizo likae mwanzoni kabisa. Angalia pia kwamba nimeweka "presha", sikuweka "shinikizo la damu". Sisi wa wodini tunapenda "shinikizo la damu" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, lakini mgonjwa anaandika presha. Lile neno la kitabuni nimelipeleka kwenye maelezo, ili anayelitumia naye anipate.

Maelezo nayo yana siri yake. Kinachoonekana kabla mtu hajafungua ni mistari miwili hivi ya mwanzo, kwa hiyo usiijaze na "karibu kwenye chaneli yangu, usisahau kujiunga". Yangu ya sasa inaanza hivi: "Presha (shinikizo la damu) hupimwaje nyumbani, na namba mbili zina maana gani? Hapa naonesha kukaa, kufunga mkanda na kusoma mashine. Kama umeandikiwa vidonge, endelea navyo. Video hii haibadilishi dawa." Lile onyo la dakika ya sita sasa liko juu, mahali ambapo hata asiyetazama analiona.

Na yale maneno ya "kushusha presha" ambayo watu kweli wanayaandika? Sikuyatupa. Niliyaweka ndani ya maelezo, lakini katika sentensi iliyobeba mpaka wake yenyewe: "Kula chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi kinachoshauriwa na WHO, husaidia kushusha presha, na hakuchukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa." Ni sentensi moja bila nukta katikati. Ukiigawa mara mbili, ya kwanza itasomwa peke yake na ya pili itakatwa, na utakuwa umerudi palepale. Hii ndiyo kazi inayochukua muda kuliko zote, kuandika sentensi ambayo hata ikinyofolewa peke yake bado ni ya kweli.

Sura za video nazo zinasaidia kupatikana na hazimtishi mtu. Ya kwanza lazima ianze 00:00, ziwe tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde 10. Zangu ni hizi:

```
00:00 Kabla ya kupima: kaa dakika 5 kimya
02:10 Mkanda unafungwa wapi
04:35 Namba ya juu na namba ya chini
06:00 Kama unatumia vidonge vya presha
08:20 Lini uende kituo cha afya
```

Kila mstari hapo ni swali ambalo mtu huuliza, na hakuna hata mmoja unaoahidi.

Sasa hiyo sehemu ya "siri ambayo madaktari hawakwambii". Wewe ni muuguzi. Kesho mgonjwa wako ataingia chumbani akiwa ameshaambiwa na wewe mwenyewe kwamba humo ndani anafichwa. Toa. Na usidhani ukigeuza kuwa swali, "Je, madaktari wanakuficha?", umeponyoka. Swali ambalo video haijibu kwa kina ni tuhuma tu. Agosti 2023 YouTube walipotangaza kuzibana video za matibabu ya saratani, mmoja wa mifano yao ulikuwa madai kwamba kitunguu saumu kinaponya saratani. Madai hayo hayawi salama kwa kuwekewa alama ya kuuliza.

Vitisho nivitaje kwa kifupi, kwa sababu najua kikishindwa hicho cha siku saba utakimbilia "Dalili 5 za presha, ukizipuuza UNAKUFA". Ubaya wake hauishii kwenye kuogofya watu. Unafundisha uongo. Presha ya kupanda kwa watu wengi haina dalili yoyote. Mtu asiye na dalili zako tano atasoma kichwa, ajikague, aone yuko salama, na asiende kupima. Umemtisha asiyehusika na kumtuliza anayehusika. Andika "Presha ya kupanda bila dalili: nani anatakiwa kupima?" na utakuwa umesema kweli ukiwa na maneno yaleyale ya kutafutiwa.

Tagi: zisikuumize kichwa. YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, zinafaa hasa kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika. Weka "plesha", weka "presha kupanda", basi. Ila usiweke majina ya magonjwa ambayo video haiyagusi. Yule mtaalamu aliniwekea "kisukari", "figo" na "kiharusi" kwenye video ya kupima presha, na rundo la tagi nyingine kalimwaga ndani ya maelezo, jambo ambalo kanuni zao zinalikataza.

Nimeiangalia video yako. Dakika ya tatu unaonesha jinsi ya kupunguza chumvi kwenye mboga, unapima kwa kijiko cha chai mbele ya kamera. Hicho ndicho kichwa chako: "Presha ya kupanda: jinsi ya kupunguza chumvi kwenye mapishi ya kila siku". Kijipicha weka kile kijiko, hicho ulichokwisha kutengeneza kifute. Kisha kiache wiki mbili, ufungue `YouTube search` uone watu wanaandika nini. Ukikuta "presha na chumvi" kwenye orodha, wamefika wale uliowapikia.