Hujakuta kitu kwenye telefoni yake, sasa mbona wivu haiishi?

Juzi usiku dada mmoja wa Katuba aliniandikia. Mesaji ilikuwa ndefu, ntaweka tu kipande: "Yaya, tuko na mpenzi wangu miezi tatu. Jana akiwa analala nilikamata telefoni yake, nikasoma yote, magrupe, mapicha, mpaka namba za watu wenye walimpigia. Sikukuta kitu. Sasa mbona siko na amani? Leo nataka kuangalia tena."

Nilisoma mara mbili nikaweka telefoni chini. Juu mimi nilipita pale pale. Na ile neno ya mwisho, "tena", njo inaniuma zaidi, najua inapeleka mtu wapi.

Wenye wananijua wanajua kazi yangu, natengeneza telefoni, niko na meza yangu hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, karibu na soko. 2021 nilikuwa na fiyanse, nusu ya mahari ilikuwa imeshatoka, wazee walikuwa wamekunywa pamoja. Miezi ya mwisho alianza kupindua telefoni yake kila akikaa, kioo chini mgongo juu, na mimi sikuuliza juu nilijiambia mwanaume haulizi mambo kama hayo. Siku moja mtu akaleta telefoni ya kubadilisha kioo. Nikabadilisha, nikawasha kujaribu, na picha ya mbele ilikuwa fiyanse wangu, amevaa kitenge yenye mimi nilimnunulia. Nilimaliza kazi. Nilipangusa kioo, nikamrudishia mwenyewe, nikapokea makuta. Mpaka leo watu wananiuliza nilifanya nini yule mtu, sikufanya kitu, mikono ilikuwa inatetemeka tu.

Naeleza hii juu ndani yake njo mzizi uko. Mtu akikuumiza, kichwa haibebi tu jina lake, inabeba alama. Kwangu alama ilikuwa telefoni yenye imepinduliwa. Kwa mwingine inakuwa harufu ya marashi, ao mtu anatoka inje kupokea simu, ao ile "nimechoka" ya kila jioni. Yule mtu anaenda, alama inabaki, na siku yenye mtu mpya kabisa anafanya kitu inafanana na ile, mwili unaamka mbele akili haijauliza kitu.

Mwaka jana nikaanza na dada mwingine, yeye anasomea uuguzi. Mara ya kwanza tulienda kula bukari pamoja, chakula ilifika, akatoa telefoni kwenye sakoshi, akaiweka pembeni ya sahani, akaipindua. Masikio yangu yakawaka moto. Tumbo ikafunga, sombe haikupita tena. Alikuwa anaongea mambo ya masomo yake na mimi nilikuwa naangalia mgongo wa ile telefoni. Kisha miezi ndio nilikuja kujua juu ya nini alikuwa anaipindua: baba yake aliwafundisha kama kwa meza mtu haangalii telefoni, kwa hiyo alikuwa anaipindua apate kunisikiliza mimi. Kitu ileile. Mmoja alifanya juu ya kuficha, mwingine juu ya heshima, na mwili wangu haukuweza kutofautisha.

Sasa ngoja niwaambie ile usiku, hii sijaelezaka mtu zaidi ya yaya yangu.

Alikuwa staji, na siku ile alikuwa na gardi ya usiku. 23:40 niliona chini ya jina yake imeandikwa "en ligne". Nikatuma mesaji. Alama mbili za kijivu, maana yake imefika, haijasomwa. Nikangoja. Bado "en ligne". Mimi kazi yangu ni telefoni, najua vizuri kama hiyo neno inamaanisha tu aplikasio imefunguka mbele yake na reso iko, haisemi anaongea na nani wala kama anaongea. Kujua haikunisaidia kitu. Nikatuma ya pili, ya tatu, nilifika kumi na nne. Mpaka nikamwandikia: kama kweli uko kazini tuma picha.

Akatuma. Amevaa bluzi nyeupe, macho mekundu ya usingizi, nyuma yake kitanda na mgonjwa amefunikwa. Alikuwa anajibu grupe ya gardi, walikuwa wanatafuta mtu wa kubadilishana zamu. Nikapumua. Nilisikia kama mtu ameniondolea jiwe kwa kifua. Nikalala chali, nikafunga macho, na kisha kama dakika ishirini swali ikaingia: nani amempiga ile picha? Mikono yake yote miwili ilikuwa inaonekana.

Dada wa Katuba, shika hapa. Nilipata ushahidi wenye niliomba, na ushahidi wenyewe ukazaa swali mpya. Njo maana hukukuta kitu na bado huna amani. Kila ukiangalia, moyo unatulia kidogo, na kile kitulizo kidogo kinafundisha mwili kama kuangalia njo dawa, basi wasiwasi ikirudi inakuja na nguvu zaidi na inadai dawa ileile, dozi kubwa zaidi. Leo telefoni, kesho nguo, kesho kutwa unapigia rafiki yake. Kuna watafiti wa chuo cha Guelph kule Canada, 2009, waliuliza wanafunzi 308 mambo ya Facebook na wivu, wakakuta kadiri mtu anatumia muda mwingi mule njo wivu inapanda, na wakafikiri ni mzunguko: wivu inakupeleka kuangalia, kuangalia inakupa vipande vyenye havieleweki, vile vipande vinaongeza wivu. Mimi nilisoma hiyo nikaona usiku wangu wote.

Na kwa uhusiano mpya inakuwa mbaya zaidi juu hamujuani bado. Mtu wa miaka kumi akichelewa unajua ni taksibisi ao ni mvua ao ni rafiki yake fulani. Mtu wa miezi tatu akichelewa huna kitu ya kujaza ile nafasi, basi unajaza na kile uko nacho, na mimi nilikuwa na 2021.

Asubuhi alikuja kwangu bado na bluzi. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu: "Mgonjwa wangu amekufa saa tisa ya usiku. Nilikuwa nataka kukupigia, nikaona mesaji kumi na nne, nikaogopa kukupigia." Akaenda. Siku tano hatukuongea. Hiyo bado inaniuma, sitaificha.

Yaya yangu njo alinisaidia, na hakunibembeleza. Alisema yule wa zamani hujamuuliza hata swali moja, sasa unauliza huyu maswali yake yote. Nilikasirika, nikatoka, nikatembea mpaka Kamalondo kwa mguu. Kurudi nikaona ana haki.

Sasa kitu chenye nilifanya. Nilinunua kaye, nikapiga msitari katikati ya ukurasa na biki. Kushoto: kile macho yangu yameona. Kuume: kile nimejiambia. Ile usiku nikaiandika hivi: kushoto, "23:40 en ligne, hajasoma mesaji." Kuume, "anaongea na mwanaume, ananicheka, itakuwa kama 2021, wote watajua mbele yangu." Angalieni hiyo. Kushoto msitari moja. Kuume nusu ukurasa, na ndani yake hakuna kitu hata moja yenye yeye alifanya. Niliandika vile karibu kila siku wiki mbili, na ile neno "kama 2021" ilirudi karibu kila ukurasa. Pale njo nilikubali kama wivu ni yangu. Yeye anaigusa, lakini hakuileta.

Ya pili ni kungoja. Moto ikiwaka, telefoni yangu inaenda kwa kabati ya jikoni na siigusi, siulizi, siangalii. Usijidanganye kama ni rahisi. Mara ya kwanza niliangalia saa ya ukutani: moyo ulipiga mbio karibu dakika arobaini, jasho, nilisimama nikakaa nikasimama. Kisha ikashuka yenyewe. Hakuna mtu alinijibu, hakuna picha ilikuja, ikashuka tu. Hii njo mwili unapaswa kujionea, kama unaweza kutulia bila ushahidi, na hauwezi kujionea kama kila mara unakimbia kuangalia. Kwa hiyo dada, leo usiangalie. Hata kama mkono unaenda, usiangalie. Sema ntaangalia kesho asubuhi, na kesho utaona hamu imepungua. Wengi tunaharibu mapendo hapa hapa, tunataka amani ya haraka.

Ya tatu ni kuongea, na ngojeni moto ishuke kwanza. Nilimwomba tukae, mchana, kwa parsele yao chini ya mwembe. Sikuanza na "wewe unafanya". Nilianza na ile kioo ya telefoni ya 2021, yote, hata makuta yenye nilipokea. Nikamwambia: ukipindua telefoni mimi naogopa, na woga ni wangu, sikuombi uache. Nikaomba kitu moja tu: siku ya gardi, ukifika nyumbani salama, niandikie. Akakubali. Nikaomba na kodi ya kufungua telefoni yake, akakataa, akasema mule kuna siri za rafiki zake na za wagonjwa. Iliniuma kidogo. Lakini alikuwa na haki, na mtu mwenye anakupenda ana haki ya kukukatalia kitu. Wanaume wenzangu, hii tuiingize kwa kichwa. Kumpenda mtu haikupi funguo yake. Na kama wivu inakupeleka kumfungia mlango, kumnyang'anya telefoni, kuinua mkono, pale si wivu ya kutuliza tena, ondoka kwanza pale, utafute mtu mzima wa kukusaidia.

Sisemi pia kama kila wivu inadanganya. Safu ya kushoto ikianza kujaa yenyewe, amekuambia yuko Likasi na wewe umemwona kwa macho yako Bel-Air, hiyo ni kitu imeonekana, muulize mara moja, kwa sauti ya chini, na usikilize jibu. Mimi 2021 safu yangu ya kushoto ilikuwa imejaa na sikuuliza. Mwaka jana ilikuwa tupu na niliuliza mara kumi na nne.

Jana alikuwa gardi tena. Karibu 23:00 mkono ulienda kwa telefoni, sitawadanganya, uliendaka. Nikaipeleka kwa kabati, nikafunga, nikalala vibaya lakini nikalala. Asubuhi nikakuta ameandika: "Nimefika. Nimechoka sana, nalala." Nilianza kuandika swali, nikafuta, nikamwacha alale.